"The PC must support Secure Boot": kisakinishi kinalalamikia nini hasa, na utathibitishaje

Laptopu ina prosesa ya kizazi cha 8, RAM ya GB 8 na SSD ya GB 256. Unafungua kisakinishi cha Windows 11, kinazunguka kidogo, halafu kinakuandikia "This PC doesn't currently meet Windows 11 system requirements". Chini yake kuna malalamiko mawili: "The PC must support Secure Boot" na "The PC must support TPM 2.0". Tangu Windows 10 iache kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, watu wengi Nairobi wamekutana na maneno haya, na wengi wameyasoma kwamba mashine imepitwa na wakati na dawa yake ni kununua nyingine.

Huenda ni kweli. Lakini mashine ya kizazi cha 8 kwenda juu ikikataliwa kwa sababu hizi mbili, mara nyingi haikosi kitu. Inacho, ila kimezimwa, au mashine inawashwa kwa njia ya zamani ambayo inakificha. Kisakinishi hakitofautishi kitu kisichokuwepo na kitu kilichofichwa. Kinatazama hali ya mashine wakati huo tu, kisha kinatoa hukumu.

Kwanza tuelewane kuhusu njia hiyo ya zamani. Kompyuta ikiwashwa, programu iliyo ndani ya bodi, ile tunayoiita BIOS, huamka kabla ya Windows na kutafuta mfumo endeshi wa kuupakia. Kwa njia ya zamani, inayoitwa Legacy au CSM, inasoma baiti 512 za kwanza za diski na kuendesha chochote inachokikuta pale. Haiulizi kimetoka wapi. Kwa njia mpya, UEFI, inatafuta faili maalumu kwenye patisheni maalumu, yaani sehemu ya diski iliyotengwa kwa kazi hiyo, na Secure Boot ikiwa imewashwa inakagua kwanza sahihi ya kidijitali ya faili hilo. Ni kama soja wa getini anayedai kitambulisho, wakati yule wa Legacy amelala na geti liko wazi. Ndiyo maana Secure Boot haiwezi kuwepo ndani ya Legacy, maana hakuna hatua ambayo ukaguzi ungefanyika. Mashine ikiwa imewashwa kwa Legacy, Windows inaripoti kwamba Secure Boot haihimiliwi, hata kama bodi inayo.

TPM nayo ni chipu ndogo, au sehemu ndani ya prosesa yenyewe, inayotunza funguo za siri na kurekodi kilichoendeshwa wakati wa kuwasha. Intel huiita PTT inapokuwa ndani ya mfumo wao, AMD huiita fTPM. Usitafute neno TPM tu kwenye menyu, utalikosa na kudhani mashine haina. Na Legacy inaingia hapa pia: kwa maelezo ya Microsoft, TPM 2.0 haihimiliwi mashine ikiwa katika Legacy au CSM. Kwa hiyo malalamiko mawili ya kisakinishi yanaweza kuwa na mzizi mmoja.

Na kwa nini laptopu nyingi za eks-UK zinakutwa kwenye Legacy? Zinapofika hapa diski imeshafutwa. Anayeziandaa kuuza ana flashi moja ya kusakinisha, aliyoitengeneza kwa MBR, mtindo wa zamani wa kugawa diski, ili imtumikie kwenye mashine zote, za 2012 na za 2019 pamoja. Flashi ya aina hiyo huweza kuwaka kwa Legacy, na ikiwaka hivyo Windows inajisakinisha kwa Legacy, na diski inabaki MBR. Windows 10 haikujali, ilifanya kazi vizuri tu.

Mambo matatu ya kusoma kabla ya kugusa chochote

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `msinfo32`, kisha Enter. Upande wa kulia tafuta mstari wa "BIOS Mode" na ule wa "Secure Boot State". Ukiona Legacy na Unsupported, jibu la Secure Boot umelipata: ni namna ya kuwasha. Ukiona UEFI na Off, mashine iko njia sahihi na Secure Boot imezimwa tu. Hali hii ya pili kwa kawaida haimzuii mtu kusakinisha, kwa sababu sharti ni mashine iwe na uwezo wa Secure Boot, si lazima iwe imewashwa saa hiyo. Washa tu hata hivyo.

Rudia Windows na R, andika `tpm.msc`. Ukikuta "The TPM is ready for use" na chini kulia "Specification Version" imeandikwa 2.0, TPM haina shida. Ikiwa ni 1.2, chipu ipo lakini ni toleo la nyuma. Ukikuta "Compatible TPM cannot be found", imezimwa, imefichwa, au kweli haipo.

La tatu ni prosesa, na hili watu hulisahau kwa sababu macho yamenasa kwenye TPM. Ndani ya `msinfo32` uleule kuna mstari wa "Processor". Kwa Intel Core i3, i5 na i7 za laptopu za miaka hiyo, tazama tarakimu ya kwanza baada ya kistari: i5-6300U ni kizazi cha 6, i5-7300U cha 7, i5-8350U cha 8. Windows 11 inaanzia kizazi cha 8, ukiacha prosesa chache sana za cha 7. Soma namba ya prosesa yenyewe, si jina la modeli lililochapwa kwenye kifuniko, kwa kuwa modeli moja huweza kuuzwa na prosesa tofauti. Ikiwa una i5-6300U, TPM unaweza kuiwasha leo na bado kisakinishi kikakataa kesho kwa prosesa.

Mfano: HP EliteBook 840 G5

Tuchukue laptopu ambayo ni ya kawaida sana katika maduka ya Luthuli na Moi Avenue. Prosesa ni i5-8350U, kwa hiyo inaruhusiwa. `msinfo32` inasema Legacy na Unsupported. `tpm.msc` inasema hakuna TPM inayofaa. Windows 10 iliyomo inafanya kazi, ina mafaili ya mwenyewe, na hataki kufuta chochote.

Kishawishi ni kukimbilia BIOS na kubadilisha Legacy kuwa UEFI. Ukifanya hivyo kwanza, mashine itawaka na kukuonyesha "Boot Device Not Found" pamoja na namba 3F0. Wengi hapo hudhani diski imekufa. Haijafa. UEFI inatafuta patisheni ambayo diski ya MBR haina. Rudisha mpangilio wa Legacy ulivyokuwa na Windows itafunguka kama kawaida. Kumbe diski ndiyo inayobadilishwa kwanza, BIOS baadaye.

Fungua PowerShell kama msimamizi na uthibitishe aina ya diski:

```
Get-Disk | Select-Object Number, FriendlyName, PartitionStyle
```

Kwa mashine yetu inaonyesha diski namba 0, MBR. Kuigeuza kuwa GPT, mtindo mpya wa kugawa diski unaoendana na UEFI, bila kufuta data, Windows 10 toleo la 1703 na kuendelea ina chombo chake, `mbr2gpt`. Kabla ya kukitumia, fanya mambo mawili. Nakili mafaili muhimu kwenye diski ya nje, na uchomeke chaja. Laptopu ina betri ya kuikinga stima ikipotea. Kwa kompyuta ya mezani isiyo na UPS, subiri siku ambayo mtaa wenu umetulia. Halafu angalia kama diski imefungwa na BitLocker, kufuli ya Windows inayoficha data kwa funguo za siri:

```
manage-bde -status C:
```

Ikiwa "Protection Status" ni On, isimamishe kwanza kwa amri hii, na hakikisha ile namba ya kurejesha yenye tarakimu 48 umeiandika mahali pengine nje ya mashine hiyo:

```
manage-bde -protectors -disable C: -RebootCount 0
```

Sifuri hiyo ya mwisho ina kazi. Bila hiyo, ulinzi unarudi wenyewe baada ya kuwasha upya mara moja, na sisi tutawasha upya zaidi ya mara moja. Ukishamaliza kila kitu utaurudisha kwa `-enable`.

Sasa jaribu bila kubadilisha chochote:

```
mbr2gpt /validate /disk:0 /allowFullOS
```

Hapa mashine yetu inagoma: "Disk layout validation failed for disk 0". Sababu inaandikwa ndani ya `C:\Windows\setupact.log`, lakini kwa laptopu za aina hii unaweza kuikisia kwa kufungua `diskmgmt.msc` na kuhesabu visanduku. Kipo kimoja kidogo cha "System Reserved", kuna C, kuna D ambayo muuzaji aliigawa ili mteja aweke muziki na picha, na kuna cha "Recovery". Jumla nne. MBR hairuhusu zaidi ya patisheni nne za msingi, na `mbr2gpt` inataka zisizidi tatu ili ibaki na nafasi ya kutengeneza ile ya EFI, ambayo ndiyo UEFI huitafuta. Vilevile haikubali patisheni iliyo ndani ya nyingine, zile ambazo diskmgmt huzizungushia mstari wa kijani.

Ya kuondoa ni D. Hamisha vilivyomo kwenda diski ya nje, vihesabu ukishahamisha, kisha bofya D kwa kitufe cha kulia na uchague "Delete Volume". Usiguse "System Reserved": ndiyo inayowasha Windows kwa sasa, ukiifuta umejitengenezea kazi ya siku nzima. Rudia `/validate`. Safari hii inajibu "Validation completed successfully", na unaweza kuendelea:

```
mbr2gpt /convert /disk:0 /allowFullOS
```

Haichukui muda mrefu. Mwishoni inakukumbusha kwamba ni lazima ubadilishe BIOS kwenda UEFI ndipo mfumo uwake. Ikiongeza onyo kwamba imeshindwa kusasisha ReAgent.xml, usiogope. Baada ya kazi yote utaendesha `reagentc /disable` halafu `reagentc /enable`, yameisha. Ile nafasi iliyobaki wazi ilipokuwa D utaigawa tena baadaye.

Zima mashine. Iwashe huku ukigonga F10 mfululizo, ndicho kitufe cha HP. Kwenye Dell ni F2, ThinkPad ni F1, na bodi nyingi za kompyuta za mezani ni Delete. Nenda "Advanced", kisha "Secure Boot Configuration". Kuna chaguo lenye jina refu, na unalolitaka ni "Legacy Support Disable and Secure Boot Enable". Rudi "Security", ingia "TPM Embedded Security": "TPM Device" iwe Available badala ya Hidden, na "TPM State" iwe na tiki. Pale karibu kuna "Clear TPM". Liache kabisa, linafuta funguo zilizotunzwa, na kama BitLocker ilikuwa hai utaombwa zile tarakimu 48. Hifadhi na utoke.

Mashine ikiwaka tena, HP husimama na skrini nyeusi inayosema kuna badiliko la hali ya kuwasha linalosubiri, na inakuonyesha tarakimu nne. Ziandike kwa vitufe vya namba vya safu ya juu, kisha Enter. Hazionekani unapoandika, na watu wengi hukwama hapa wakidhani kibodi imekufa. Ukikosea au ukiacha muda upite, mpangilio unabaki wa zamani na utadhani BIOS haikuhifadhi. Kwa upande wa TPM inaweza pia kukuuliza kama unakubali badiliko. Soma kitufe inachotaka kabla ya kubonyeza.

Windows ikifunguka, rudi kwenye `msinfo32`. Sasa inasomeka UEFI na On, na `tpm.msc` inaonyesha 2.0. Endesha kisakinishi tena, yale malalamiko mawili hayapo.

Unaposakinisha upya kwa flashi

Ukianza na diski tupu, habari ni fupi zaidi lakini ujumbe ni mchoyo. Kisakinishi kilichowashwa kutoka kwenye flashi kinasema tu "This PC can't run Windows 11", bila kutaja kosa. Kabla ya kulaumu bodi, bonyeza Shift na F10, kwenye laptopu nyingine pamoja na Fn, ufungue dirisha la amri, kisha uliza:

```
wpeutil UpdateBootInfo
reg query HKLM\System\CurrentControlSet\Control /v PEFirmwareType
```

Jibu la 0x1 maana yake flashi yenyewe imewaka kwa Legacy. 0x2 maana yake ni UEFI. Ukipata 0x1, tatizo ni namna ulivyowasha flashi, hata kama TPM iko sawa. Izime, zima Legacy kwenye BIOS, tengeneza flashi upya ukichagua GPT na UEFI, na kwenye menyu ya kuwasha, ambayo kwa HP ni F9, chagua jina la flashi lililo chini ya kichwa cha UEFI. Flashi moja huweza kuonekana mara mbili kwenye menyu hiyo, na mtu mwenye haraka huchagua ile ya juu.

Ukipata 0x2 na bado inakataa, rudi kwenye TPM na prosesa.

Pale ambapo kweli haiwezekani

Laptopu za kizazi cha 6 na 7 ndizo zinazochanganya zaidi, kwa sababu nyingi zina UEFI, zina Secure Boot, na baadhi zina chipu ya TPM 1.2 ambayo mtengenezaji ametoa programu ya kuipandisha hadi 2.0. Unaweza kufanya kazi hiyo yote kwa usahihi na ukakwama kwa prosesa. Fundi atakuambia kuna njia ya kuruka ukaguzi, na ipo kweli. Ila Microsoft inasema wazi kwamba mashine iliyosakinishwa hivyo haina haki ya kupata masasisho. Kwa mashine ya duka inayoshika hesabu za wateja, mimi nisingeweka. Kwa laptopu ya mtoto kujifunzia, Linux ingeenda vizuri zaidi na haidai TPM.

Kompyuta za mezani za kuunganisha zina kasoro yake nyingine. Ukizima CSM na skrini ikabaki nyeusi, mara nyingi ni kadi ya picha ya zamani isiyojua kuzungumza na UEFI. Itoe, tumia picha ya bodi yenyewe kama prosesa inayo, na utaona mashine ilikuwa hai muda wote. Na ukiwasha Secure Boot kisha `msinfo32` ikabaki Off, funguo za kiwanda huenda hazimo. Ndani ya menyu ya Secure Boot tafuta chaguo la kurejesha funguo za kiwanda, hifadhi, uwashe upya.

Halafu kuna kikwazo ambacho hakitengenezeki mezani kwako: nywila ya BIOS. Laptopu nyingi za eks-UK zilikuwa za ofisi, na baadhi zimekuja zikiwa bado na nywila ya msimamizi. Ukigonga F10 na ikaombwa nywila, au ikakuruhusu kutazama tu huku chaguo zote zikiwa za kijivu, Legacy hutaizima wala TPM hutaiwasha. Kuchomoa betri ndogo ya bodi hakusaidii kwenye EliteBook, kwa kuwa nywila haikutunzwa kwenye kumbukumbu inayotegemea betri hiyo.

Hii hukaguliwa ukiwa bado kaunta. Mwambie muuzaji aiwashe laptopu, gonga F10 mwenyewe, ingia "Secure Boot Configuration", badilisha chaguo moja uone kama linabadilika, kisha utoke bila kuhifadhi. Acha Windows ifunguke, soma `msinfo32` kwa ajili ya prosesa na `tpm.msc` kwa ajili ya toleo. Akikuambia "hiyo nywila tutakutolea baadaye", na itolewe mbele yako kabla hujabonyeza kutuma kwenye M-Pesa.